Orodha ya Mwili Isiyo na Miguu

Kwenye barua ya ajira waliandika "karani wa kumbukumbu", lakini jengo zima lilimjua kwa jina la Mama Kadi. Hata yule muuza chai wa ghorofa ya chini, ambaye hajawahi kupanda ngazi kwenda juu kuona hizo kadi zenyewe, alimwita hivyo. Na Mama Kadi mwenyewe alishalizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake halisi, angegeuka kutazama nyuma kama kuna mtu mwingine.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya pili ya Idara ya Lugha. Makabati ya chuma yalipangwa kwenye ukuta mmoja mzima, droo juu ya droo, na ndani ya kila droo kadi ngumu za ukubwa wa kiganja, kila kadi neno moja. Lugha kumi na nne zilikaa humo. Baadhi zilikuwa na wasemaji maelfu, na nyingine zilikuwa na droo moja tu na harufu ya gundi ya zamani. Mama Kadi alianza kazi humo akiwa binti wa miaka kumi na tisa, gauni la kushonesha na viatu vya kuazima kwa dada yake, na sasa alikuwa amebakiza siku kumi na moja astaafu.

Siku zake za mwisho alizipanga ziwe za kufuta vumbi na kukumbuka. Alikumbuka mashine za chapa zilivyokuwa zikilia kwa pamoja asubuhi kama mvua juu ya mabati. Alimkumbuka Profesa, Mungu amrehemu, aliyekuwa na kalamu nyekundu sikioni saa zote na akawa anaitafuta mezani. Alikumbuka kanda za sauti, zile za magurudumu makubwa, zilivyokuwa adimu mpaka ikabidi wakishaandika maneno kwenye kadi, kanda ifutwe irekodiwe nyingine. Siku hizo hakuna aliyeona vibaya. Kadi ilikuwa ndiyo mali, kanda ilikuwa chombo tu, kama sufuria.

Basi siku moja, kabla ya saa nne asubuhi, mtafiti kijana aliingia na kompyuta yake kwapani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba aliyeletwa kuziingiza kadi zote kwenye kompyuta, na alikuwa na tabia ya kuuliza maswali hata kabla hajaketi. Nyuma yake alikuwapo mwanamume mwembamba mwenye mkoba wa ngozi uliochubuka.

"Mama, nimekuletea mgeni. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ametoka mbali, siku mbili barabarani."

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hicho kiti kina mguu mmoja mbovu, egemea kulia."

Mwalimu akaegemea kulia, akaeleza shida yake. Watu wa kwao walikuwa wanatengeneza kitabu cha darasa la kwanza kwa lugha yao, cha kwanza tangu dunia iumbwe. Kurasa zote zilikuwa tayari isipokuwa moja, ukurasa wa kuhesabu.

"Watoto wetu wanahesabu kwa lugha ya shuleni, moja hadi kumi. Lakini wazee walikuwa wanahesabu kwa mwili. Mama yangu anakumbuka kidogo. Unagusa hapa, unapanda hivi, unavuka, unashuka." Akapitisha mkono hewani kutoka kiganjani hadi kichwani. "Tatizo ni pa kuanzia. Nusu ya kijiji wanasema unaanza na kidole gumba. Nusu wanasema kidole cha mwisho. Kikao kilichukua saa sita nzima, mama! Watu wamenuniana. Kamati imesema, kama Ijumaa hakuna ushahidi, ukurasa unaondolewa na zinawekwa namba za shuleni. Na ukiondolewa kwenye kitabu, ndiyo basi. Mama yangu ana miaka themanini na moja."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Na kwa nini umekuja kwetu?" aliuliza Mama Kadi, ingawa alishaanza kukisia.

"Kwa sababu babu yangu alirekodiwa hapa. Alikuja mjini kutibiwa jicho, akachukuliwa na profesa wenu akahojiwa. Nyumbani walikuwa wanamtania mpaka anakufa, wanamwita Mzee Redio."

Mama Kadi alimkumbuka vizuri mno. Mzee mfupi, bandeji nyeupe jicho la kulia, aliyekataa soda akaomba maji ya moto matupu. Yeye, karani mpya wa mwezi mmoja, ndiye aliyeshikilia kipaza sauti.

"Droo ya tisa," alisema. "Vuta polepole, inakwama."

*

Mtafiti aliivuta droo, akatoa kadi moja baada ya nyingine na kuzipanga mezani. Lugha ya kina mwalimu ilikuwa na kadi mia sita na kitu. Kulikuwa na maji, moto, shemeji, kuku, mvua. Lakini kwenye sehemu iliyoandikwa HESABU kulikuwa na kadi moja tu, kwa mwandiko wa Profesa: "Haina."

"Haina?" mwalimu aliruka, na kiti kikamyumbisha. "Haina maana yake nini? Sisi hatuna hesabu? Babu yangu alikuwa na mbuzi, alikuwa anawajuaje?"

"Tulia kwanza, mwalimu," alisema mtafiti. Naye alikuwa amekunja uso. "Labda ni kama ya majirani zenu wa vilimani. Wao wako droo ya sita. Mama, si ndiyo ile ya mtu mzima?"

"Ndiyo hiyo," alisema Mama Kadi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, kwa sababu droo ya sita alikuwa anaipenda. Lugha ile ilihesabu vidole vya mkono vikafika kumi, ikateremka kwenye vidole vya miguu, na vikiisha vyote ishirini inasema "mtu". Arobaini ni watu wawili. Yeye mwenyewe, enzi zile kabla wajukuu hawajaanza kumcheka, alipenda kuwatajia watu miaka yake kwa namna hiyo. Na watu ishirini wakikutana, yaani mia nne, lugha inaacha kutaja watu na kuwapa jina jipya, "kijiji". Hebu fikiria uzuri wake.

"Mimi hapo nina mtu mmoja na saba," alisema mtafiti. "Kwa Kiswahili ishirini na saba."

"Bibi yangu angesema makumi mawili na saba," alisema Mama Kadi. "Na tisa hakuijua, kwake ilikuwa kenda. Sita, saba, nane, kenda, kumi. Akihesabu mayai ilikuwa kama anaimba." Ilikuwa miaka mingi hajalitamka neno kenda kwa sauti.

"Lakini ni mchezo uleule," mtafiti aliendelea, akimgeukia mwalimu, maana aliona amebaki njiani. "Sisi tunafunga mafungu ya kumi, wale wanafunga mafungu ya ishirini. Ukishajua fungu na vipande vya mwanzo, unajenga namba yoyote. Kumi na moja ni kumi na kipande. Mtu na mmoja ni mtu na kipande. Kama yenu ni hiyo ya mtu, tutatafuta mkono, miguu, tutaijenga upya hata kama Profesa hakuiandika."

Wakaanza kutafuta. Kwenye sehemu iliyoandikwa MWILI zilikuwamo kadi ishirini na saba, zimepangwa kwa alfabeti, safi kama siku zilipochapwa. Mtafiti alizisoma kwa sauti zile tafsiri. Bega. Bega la ng'ambo. Cha kati. Cha kati cha ng'ambo. Cha mwisho. Gumba. Jicho. Jicho la ng'ambo. Alipofika mwisho aliinua kichwa.

"Miguu iko wapi?"

"Miguu?" alisema mwalimu.

"Hakuna miguu. Hakuna goti. Hakuna tumbo, mgongo, wala mdomo. Nani anaorodhesha mwili anasahau miguu lakini anakumbuka kigasha, huku chini ya kiwiko? Mara mbili, cha huku na cha ng'ambo! Kila kitu kiko mara mbili isipokuwa pua. Kumi na tatu, kumi na tatu, na pua." Akazipigapiga kadi kwa kidole. "Mwalimu, hii si orodha ya mwili. Hii ndiyo hesabu yenu. Wala haina fungu. Haijengi namba kwa namba. Kila mahali ni namba yake peke yake, unatembea tu juu ya mwili mpaka uishe. Inaishia kwenye miaka yangu!"

Mwalimu aliziangalia zile kadi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya harusi ya wazazi wake. Halafu akauliza swali ambalo Mama Kadi alikuwa analisubiri kwa hofu.

"Sasa ipi ya kwanza?"

"Zimepangwa kwa alfabeti," alisema mtafiti. "Lakini lazima Profesa alizipa namba alipokuwa anasikiliza kanda. Kwa kawaida pembeni huku kuna namba ya penseli." Akainua kadi, akaipeleka dirishani, akaigeuza. "Hapa palifutwa. Vizuri sana. Nani alikuwa anafuta namba, jamani?"

Mama Kadi alivua miwani.

"Mimi," alisema.

*

Ilikuwa hivi. Siku ile, Profesa aliuliza swali lake la kawaida: kwenu mnahesabuje? Halafu akainamisha kichwa daftarini, masikio ndani ya vile visikilizio vikubwa, akaanza kuandika anachosikia. Hakuangalia. Mzee akaanza kujigusa na kutaja, kujigusa na kutaja. Profesa alisikia vidole, bega, sikio, akadhani mzee hakuelewa swali na ameamua kufundisha viungo vya mwili. Alipomaliza alimwambia karani, "Hana hesabu huyu. Haya, yaweke kwenye Mwili."

Lakini yule binti wa miaka kumi na tisa alikuwa ameangalia. Mikono yake ilikuwa na kazi, macho yake hayakuwa na kazi. Aliona mzee anavyopanda mkono wa kushoto, anavuka pua, anagusa ile bandeji taratibu kwa ncha ya kidole, na kushuka upande wa pili bila kuruka hata kimoja. Alijiuliza, mbona kama anahesabu? Na hakusema. Profesa alikuwa Profesa, na yeye alikuwa mtu wa kuambiwa chemsha chai.

Kazi ikaendelea kwa utaratibu wa ofisi. Kadi zikachapwa, zikapangwa kwa alfabeti, namba za penseli zikafutwa ili droo ziwe safi, kanda ikarudi kurekodiwa lugha nyingine. Alisifiwa kwa usafi. Mwaka ule alipewa hata zawadi ya saa ya ukutani.

Aliwasimulia yote hayo, polepole, huku akiisugua miwani kwa upindo wa kanga mpaka ikawa safi kupita kiasi. Nje, mtu alikuwa anaburuta meza koridoni.

"Mama," mwalimu alisema hatimaye, na sauti haikuwa ya hasira, "basi wewe ulimwona. Alianza wapi?"

Mama Kadi alifumba macho. Alinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, akaupapasa kwa wa kulia, kama unavyotafuta swichi gizani. Kifundo cha mkono kilikuja chenyewe. Kigasha, kiwiko, mkono wa juu, bega. Shingo, sikio, jicho, pua. Bandeji. Kwamba mzee aligusa pua kabla ya bandeji aliliona wazi kabisa, na kwa hiyo upande wa kuanzia ulikuwa kushoto, maana bandeji ilikuwa kulia. Mtafiti akaandika haraka haraka.

Lakini vidole! Kwenye vidole alikuwa bado anarekebisha kipaza sauti. Waya ulikuwa umejikunja. Alipoinua macho mzee alishafika kwenye kifundo.

"Siwezi kukudanganya," alisema. "Vidole sikuviona."

"Na vya ng'ambo? Mwishoni?"

"Mwishoni alikuwa amefunga mkono. Alicheka, akapiga kofi moja, akasema neno. Nilikuwa nafikiria basi la saa kumi na moja."

Mtafiti alijaribu kumsaidia. Alisema kwamba kwa kutembea kawaida, ukianza na kidole cha mwisho unafika gumba, kisha kifundo kiko hapo hapo, njia haikatiki. Ukianza na gumba, unaishia kidole cha mwisho, na hapo pia kifundo si mbali. "Zote zinawezekana. Watu wengine duniani wanaanza huku, wengine kule. Akili peke yake haitoshi, mama."

"Kamati yetu haitaki akili hata kidogo," alisema mwalimu. "Inataka karatasi."

Akatazama saa ya ukutani. Basi lake lilikuwa kesho alfajiri.

*

Saa saba mchana mtafiti alikwenda kununua maandazi. Mwalimu alibaki akizinakili zile kadi kwa mkono, ingawa aliahidiwa picha zake. Mama Kadi alikaa. Aliona kama amebeba kitu kizito cha mtu mwingine, na mwenyewe amekuja kukichukua, na yeye ameangusha kipande njiani.

"Babu yako alipenda sana kuchekesha," alisema, kwa sababu alitaka kusema jambo lolote. "Alitusimulia habari za shemeji yake mmoja, mgawaji wa mbuzi. Profesa hakucheka. Alisema msemo ule hauna maana."

"Msemo gani?"

"Sijui. Kuna mbuzi na shingo. Mbuzi shingo..." Halafu mwanamke huyu wa miaka sitini na tano, ambaye magoti yake yalilia hata akisimama kupokea simu, aliinuka kama mtu aliyesikia mtoto ameanguka.

"MIFUGO!" alisema. "Droo ya tisa, nyuma kabisa. Lete hicho kiti! Sio hicho, kibovu hicho!"

Kadi ilikuwapo, chini ya mbuzi. Mfano wa sentensi, umechapwa na yeye mwenyewe, na pembeni alama kubwa ya kuuliza ya kalamu nyekundu, na maneno ya Profesa: "Msemo? Maana haieleweki." Tafsiri ya neno kwa neno ilisema hivi:

Alikuwa na mbuzi shingo, akawapa wanawe kifundo, akabaki na gumba.

Mwalimu aliisoma. Akaisoma tena. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Shingo," alisema Mama Kadi, akigusa shingo yake. "Vidole vitano, vyovyote vianzavyo. Kifundo ni sita. Kigasha saba, kiwiko nane, mkono wa juu kenda, bega kumi. Shingo ni kumi na moja. Alikuwa na mbuzi kumi na moja."

"Akatoa kifundo. Sita."

"Wakabaki?"

"Watano," alisema mwalimu. "Gumba ni tano. Gumba ni ya tano!" Akauinua mkono wake wa kushoto, akakamata kidole cha mwisho kama anamkamata kuku. "Huyu ndiye moja. Huyu! Nusu ya kijiji watanikoma."

Mtafiti aliporudi na maandazi yaliyoanza kupoa, aliwakuta watu wazima wawili wamesimama katikati ya chumba wanajigusa pua.

"Nimepitwa na nini?" aliuliza.

"Mbuzi," walimjibu kwa pamoja.

Ilibidi aelezwe mara mbili, kisha akaomba aelezwe ya tatu kwa sababu alifurahia. Alipiga picha kadi ya mbuzi pande zote, na zile ishirini na saba, na ile ya Profesa iliyosema "Haina". Mwalimu aliomba hiyo ya mwisho isitupwe. Alisema atawaonyesha watoto siku moja, wajue kwamba hata mtu mwenye kalamu nyekundu anaweza kusahau kuinua kichwa.

"Mwalimu," alisema Mama Kadi, "lile neno alilosema baada ya kofi sina. Mkifika ishirini na saba, mnasemaje ili kuendelea? Sikulisikiliza. Hilo limepotea mikononi mwangu, na sitakutengenezea lingine."

Mwalimu aliwaza. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi ya mchoro wa ukurasa ule mtupu, akachora mtu wa vijiti mwenye mikono mirefu. Aliweka moja kwenye kidole cha mwisho cha kushoto, na ishirini na saba kwenye mwenzake wa kulia. Pua akaipa kumi na nne na kuichora kubwa kuliko inavyostahili. Chini yake aliacha mstari mtupu, na juu ya mstari akaandika kwa lugha yao. Mtafiti akamwomba tafsiri.

"Ukifika mwisho unasemaje? Kamuulize bibi yako, uje utuandikie hapa."

"Na bibi wakibishana?" aliuliza Mama Kadi.

"Wabishane! Mama yangu hajabishana vizuri tangu mwaka jana, anachoka kukaa tu."

Saa kumi Mama Kadi alimsindikiza hadi juu ya ngazi. Mwalimu aliinama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita bibi, si mama tena, na Mama Kadi akampigapiga mkono tu, kwa sababu alijua akisema angelia, na alikuwa hataki muuza chai wa chini amsikie.

Akabaki amesimama pale juu, mkono kwenye reli, akimsikiliza akishuka. Hatua, kimya kidogo, hatua, kimya kidogo. Akachungulia. Mwalimu alikuwa anashuka ngazi huku mkoba umening'inia shingoni, mkono wa kulia unatembea juu ya wa kushoto, ngazi moja, mahali pamoja.

"We bwana," mlinzi wa mlangoni aliita kutoka chini, "unawashwa?"

"Hapana, mzee wangu," mwalimu alijibu, bila kusimama. "Nimefika begani."